Kuchora Kiwanja cha Mteremko Kabla ya Kujenga

Wengi wetu tukichora nyumba huanza kwa mstari ulionyooka chini, halafu kuta juu yake. Ukiwa na kiwanja kinachoshuka kuelekea ufukweni, kama pale Bodo panapotazamana na kisiwa cha Funzi, mstari huo ni uongo. Fundi akiufuata atakata udongo wote, na mvua za masika zitakuja kuubomoa ule ukingo uliobaki wazi.

Basi tuanze na kupima ardhi. Chukua mpira wa maji unaopitisha mwanga, uujaze maji, uhakikishe hamna mapovu ndani. Mmoja asimame juu na fimbo yenye alama za sentimita, mwenzake chini na fimbo nyingine. Maji yakitulia, soma kimo kila upande. Juu yakisoma 90 na chini 120, ardhi imeshuka sentimita 30. Rudia kila mita 4.

Tuseme kiwanja kina mita 12. Mita 4 za kwanza zinashuka sentimita 30, za katikati 120, za mwisho 30. Jumla ni 180. Chora hivyo hivyo ulivyopima, sentimita 1 ya karatasi iwe sentimita 50 za ardhi, kwa urefu na kwa kimo pia. Ukikuza kimo ili mchoro upendeze, ngazi zako zitakudanganya.

Sasa mchoro wenyewe utakuonyesha kwamba kazi iko katikati. Usijenge ukuta mmoja wa sentimita 120. Jenga mbili za 60, moja chini ya nyingine, na kati yake acha tuta la kupanda migomba au kupumzikia. Kipandio kikiwa sentimita 15, tunahitaji 12: viwili juu, vinne kwa kila ukuta, viwili chini. Kila kimoja kipewe upana wa sentimita 30, manake mama mwenye ndoo kichwani haangalii miguu yake.

Mawe ya matumbawe yanafaa. Chimba msingi wa sentimita 30, ukuta uwe mnene chini kuliko juu, uegemee kidogo upande wa mlima. Nyuma yake weka kokoto, na chini kabisa acha matundu ya maji, moja kila mita na nusu hivi. Mafundi wengine huyaziba kwa saruji ili ukuta uonekane safi. Kumbe anayeangusha ukuta mara nyingi ni maji yaliyokosa njia, yakiulemea udongo kwa nyuma.

Baada ya mvua kubwa, pitia matundu hayo. Yakiwa makavu huku udongo wa juu umelowa chapachapa, au ukuta ukianza kutoa tumbo katikati, toa udongo wa nyuma na ufungue matundu kabla mvua nyingine haijanyesha. Ukiwa na ukuta mrefu kuliko mita 1, hapo mwite fundi mwenye ujuzi wa kuta za namna hiyo.