Ziara ya Mafunzo Kitui na Machakos: Mabwawa ya Mchanga na Kiangazi cha Dodoma

Mwezi Agosti mwaka huu ujumbe wa watu saba kutoka Idara ya Maendeleo na kamati za parokia tatu ulifanya ziara ya mafunzo ya siku tano nchini Kenya, katika maeneo ya Kitui na Machakos. Lengo lilikuwa moja: kuona mabwawa ya mchanga yanavyojengwa na kutunzwa, na kuamua kama yanafaa kwa makorongo yetu ya Dodoma. Taarifa hii inaeleza tuliyojifunza na hatua zitakazofuata.

Bwawa la mchanga ni nini?

Ni ukuta wa mawe na saruji unaojengwa kukatisha korongo lenye mchanga, ukisimama juu ya mwamba. Mvua zinaposhuka, mafuriko huleta mchanga na udongo laini. Mchanga mzito hutuama nyuma ya ukuta, na udongo laini hupita juu na maji. Baada ya msimu mmoja au kadhaa, nafasi yote hujaa mchanga, na ndani ya mchanga huo hukaa maji.

Wagogo wamechimba visima vya mchangani tangu zamani, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Tofauti ni kwamba ukuta huzuia maji yasiendelee kuteremka chini ya mchanga. Maji yaliyo zaidi ya sentimeta 60 chini ya uso wa mchanga karibu hayapotei kabisa kwa jua, na mbu hawapati mahali pa kuzalia. Huko Ukambani kazi hii hufanywa na vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya. Marehemu Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni huko Machakos mwaka 1978, na shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa Kitui tangu miaka ya 1990.

Somo la kwanza: chagua mahali kwa nondo na ndoo

Wenyeji wetu walituonyesha kwamba bwawa hufaulu au kushindwa kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa. Huchukua nondo ya milimita 16 yenye alama za kukatwa kila sentimeta 25, wakaigongomea mchangani kila baada ya hatua chache. Nondo ikigota kwa mlio mkavu, imefika mwamba. Ikizama kwa mlio mzito, ni udongo wa mfinyanzi. Ikichomolewa, zile alama huleta juu mchanga kidogo, na hapo huonekana unyevu umeanzia wapi. Mahali pazuri ni pale mwamba unapokatisha korongo kama kizingiti, kingo ziko juu, na mto haupindi.

Kisha huja ndoo. Jaza ndoo ya lita 20 mchanga mkavu, mimina maji mpaka yafike juu, halafu toboa tundu chini na upime yanayotoka. Zikitoka lita 5 au zaidi, mchanga unafaa. Zikitoka chini ya lita 2, huo ni udongo laini: utashika maji lakini hautayatoa.

Wazee wa huko hutazama pia mifugo. Ng'ombe wanapopenda kulamba mawe ya kingo, mna chumvi, na maji yake hayatanyweka.

Somo la pili: tukokotoe kabla ya kuahidi

Hapa ndipo ujumbe wetu ulipokaa muda mrefu. Tuchukue bwawa la kawaida: ukuta wa mita 2, korongo la upana wa mita 15, na mchanga unaorudi nyuma mita 200. Kwa kuwa mchanga huo umekaa kama kabari, mafundi huzidisha namba hizo tatu na kugawanya kwa 6. Tunapata mita za ujazo 1,000 za mchanga. Robo yake ni maji yanayochoteka, yaani lita 250,000.

Kaya 40 zikichota ndoo 5 kila moja kwa siku, zinatumia lita 4,000. Maji hayo yatatosha siku 62. Tukiongeza ng'ombe 100 wanaokunywa lita 30 kila mmoja, tunatumia lita 7,000 kwa siku, na siku zinashuka hadi 35.

Kitui na Machakos wana misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, hivyo bwawa hujazwa mara mbili kwa mwaka. Sisi Dodoma tuna msimu mmoja, na kiangazi chetu huchukua takriban miezi saba. Ni kweli kwamba kingo za mto nazo hunyonya maji wakati wa mvua na kuyarudisha taratibu, kwa hiyo hesabu halisi huwa nzuri kuliko hii. Hata hivyo, bwawa moja la ukubwa huo halitatufikisha Novemba. Mabwawa mawili au matatu yaliyofuatana kwenye korongo moja yanaweza kukaribia.

Somo la tatu: maadui wa bwawa

Tulionyeshwa ukuta mmoja ambao bado ni mzima lakini hauna maji. Mabawa yake hayakuingizwa vya kutosha kwenye kingo, mafuriko yakala udongo pembeni, na mto ukauzunguka. Kwingine maji yanayoanguka mbele ya ukuta yalichimba msingi kwa sababu hapakuwekwa sakafu ya mawe. Dalili huonekana mapema: ufa kwenye ukingo, shimo mbele ya ukuta, au unyevu unaotokeza upande wa chini wakati wa kiangazi.

Adui mwingine ni lori. Mchanga ulionaswa na bwawa ni mali kwa wajenzi, na ukichukuliwa, maji huondoka nao. Makueni, jirani ya Machakos, walitunga sheria ya kaunti ya kulinda mchanga mwaka 2015. Makorongo yetu yako karibu na jiji linalojengwa kwa kasi, na hatari hiyo tunayo tayari.

Hatua tulizoazimia

1. Kati ya Septemba na Oktoba, korongo likiwa kavu, kila kamati ya parokia tatu zilizoshiriki itapima sehemu tatu kwa nondo na ndoo na kuleta matokeo kwa Idara. Sehemu isiyofika lita 5 haitajadiliwa zaidi.

2. Idara itawasilisha sehemu zitakazofaulu kwa mhandisi wa maji na ofisi ya bonde husika ili kupata kibali kabla ya ujenzi wowote.

3. Serikali ya kijiji husika itapitisha kwanza sheria ndogo inayokataza kuchimba mchanga wa kuuza kwenye eneo la bwawa. Bila hiyo, saruji haitanunuliwa.

4. Kisima chenye pampu ya mkono kitachimbwa ukingoni, upande wa juu wa ukuta, na mifugo itanyweshwa kwenye birika lililo upande wa chini. Mkutano wa kijiji utaamua idadi ya ng'ombe watakaonyweshwa hapo.

5. Wananchi watachangia mawe, mchanga na nguvu kazi. Wahisani tunawaomba wagharimie saruji, nondo na mhandisi, kwa korongo moja lenye mabwawa yanayofuatana, badala ya bwawa moja moja katika kila parokia.

6. Kila mwaka baada ya mvua, kamati itakagua mabawa na msingi, na kuziba nyufa kabla ya msimu unaofuata.

Tunafahamu kwamba azimio la tano litazifanya parokia mbili zisubiri. Tumelijadili na wajumbe wao tukiwa safarini, na wamekubali kulipeleka kwenye kamati zao. Tunaomba kamati nyingine zilizungumze pia, zikiwa na hesabu ya siku 35 mezani.