Bajeti Moja ya Taasisi Nyingi

Taasisi kadhaa zinapoomba kwa pamoja fedha za utafiti, mratibu hupokea makisio ya kila mshirika na kuyaunganisha katika jedwali moja. Kosa gumu kugundulika katika kazi hii ni lile ambalo halivurugi hesabu hata kidogo.

Chukulia mfano wa chuo kikuu cha Tanzania na maabara ya Kenya zinazoomba fedha za Umoja wa Ulaya, chini ya mpango wa Horizon Europe ulioanza mwaka 2021, ili kuchunguza sumukuvu katika mahindi. Chuo kitakusanya sampuli 400, na maabara itazipima kwa gharama ya yuro 30 kila moja, yaani yuro 12,000. Kanuni za mpango huo huongeza asilimia 25 kwa ajili ya gharama za uendeshaji, hivyo jumla huwa yuro 15,000. Maabara imeiandika kazi hiyo kama kemikali na vifaa. Chuo nacho, kikidhani kwamba kitailipa maabara, kimeiandika kama huduma za upimaji. Kazi moja sasa inaombewa yuro 30,000.

Mratibu akijumlisha kwa washirika, kisha kwa aina za gharama, majibu yatalingana kabisa. Kulingana huko hakuthibitishi lolote, kwa kuwa kasma zote mbili zimo katika kila jumla, tena kwa majina tofauti.

Dawa yake ni kuongeza safu mbili katika jedwali: namba ya kazi, na mmiliki wa kasma. Mmiliki ni taasisi ile itakayolipa na kutunza stakabadhi kwa ajili ya wakaguzi, si ile itakayonufaika na matokeo. Jedwali likipangwa upya kwa namba ya kazi, upimaji wa sampuli utaonekana una wamiliki wawili. Hapo kasma ya chuo hufutwa, na fedha za upimaji huenda kwa maabara moja kwa moja.

Viwango navyo viwe vya pamoja. Shilingi 42,000,000 za Tanzania ni yuro 15,000 kwa kiwango cha 2,800, lakini ni 14,000 kwa kiwango cha 3,000. Basi kiwango huandikwa mahali pamoja tu, na kasma zote hukirejea. Mishahara haisawazishwi, maana kila taasisi ina yake. Kinachosawazishwa ni kigawanyo. Chini ya mpango huo, gharama ya mtumishi kwa mwaka hugawanywa kwa siku 215. Mshirika anayegawanya kwa 260, akihesabu likizo kuwa siku za kazi, hujipunja mwenyewe.

Hata hivyo, kiwango cha fedha kilichomo katika ombi ni makisio tu. Matumizi halisi ya taasisi isiyotunza vitabu vyake kwa yuro hubadilishwa kwa wastani wa viwango rasmi vya Umoja wa Ulaya katika kipindi cha taarifa.