Sheria kama Kipimo cha Mshikamano: Nadharia ya Durkheim na Mipaka Yake

Katika kitabu chake kuhusu mgawanyo wa kazi katika jamii, kilichochapishwa mwaka wa 1893, Mfaransa Emile Durkheim alikabiliwa na tatizo la mbinu. Mshikamano hauonekani wala haupimwi kwa mizani. Alihitaji kitu cha nje kiwe dalili yake, naye akateua sheria.

Hoja yake ni hii. Pale ambapo watu hufanya kazi zinazofanana na kuamini mambo yaleyale, kinachowaunganisha ni ule ufanano wenyewe. Huu ndio mshikamano wa kimakanika. Anayevunja mwiko hapo huijeruhi dhamiri ya wote, na kwa hivyo huadhibiwa hata kama hakuna aliyepata hasara. Kazi zinapogawanyika, mvuvi, mhunzi na wakili hawafanani tena, lakini hakuna awezaye kuishi bila wenzake, kama vile moyo usivyoweza kufanya kazi bila mapafu. Huu ni mshikamano wa kioganiki. Sheria inayotamalaki hapa ni ya kurejesha: mkataba ukivunjwa, mkosaji hulipa ili mambo yarudi yalivyokuwa. Tukilinganisha wingi wa sheria za aina hizi mbili, alidai Durkheim, tutatambua mshikamano unaotawala.

Kuhusu chanzo cha mgawanyo wenyewe, Durkheim hakubali kwamba ni tamaa ya raha. Watu wanapoongezeka na kukaribiana, ushindani huwa mkali. Mafundi viatu kumi wa mtaa mmoja hugombania wateja walewale; mmoja akigeukia mikoba na mwingine kofia, wote hupata riziki bila kufukuzana.

Maelezo haya ya chanzo yana mashiko. Kipimo cha sheria ndicho chenye kasoro, na ushahidi mmoja uko hapa kwetu. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1938 kuhusu Wagikuyu, Jomo Kenyatta anaeleza kwamba fidia ya kuua mwanamume ilikuwa mbuzi au kondoo 100, au ng'ombe 10, na kwamba shauri hilo lilikuwa baina ya jamaa za pande mbili. Yaani, kosa ambalo kwa nadharia lingeamsha ghadhabu ya umma lilitatuliwa kwa malipo. Ni kweli kwamba mchawi aliuawa, na hapo Durkheim anapata haki yake. Lakini mauaji, ambayo ni kosa zito zaidi machoni petu, yaliangukia upande wa sheria ya kurejesha.

Bronislaw Malinowski, aliyekuwa mwalimu wa Kenyatta jijini London, alikuwa amekwisha kuonyesha jambo linalokaribiana na hili mwaka wa 1926. Katika visiwa vya Trobriand, wavuvi wa pwani na wakulima wa bara walibadilishana samaki na viazi vikuu. Aliyepokea alibanwa kurudisha, kwa kuwa asiporudisha angekosa chakula hicho msimu uliofuata. Kutegemeana, basi, kulikuwepo hata pale ambapo Durkheim aliona ufanano tu.