Kusoma Lebo ya Maji ya Chupa: Anza na Mstari wa Floraidi

Mkazi wa Mlolongo au Athi River anayenunua maji ya chupa kila wiki huwa na sababu. Visima vingi virefu vya nyanda zile hutoa maji ya chumvi, na baadhi yake yana floraidi kupita kiasi. Wengi wetu tunawafahamu watu wazima wenye madoa ya kahawia kwenye meno, ambao walikunywa maji ya namna hiyo utotoni. Kwa hiyo mzazi hutoa pesa mfukoni ili mtoto wake asipatwe na hayo.

Ila kiwanda kinachojaza chupa nacho huenda kinavuta maji kutoka kisima kirefu kama kile kile alichokikimbia mzazi. Ikiwa maji hayo yamepita kwenye mtambo unaoondoa floraidi, basi amenunua kitu tofauti. Ikiwa hayakupita, amenunua maji ya kisima yaliyotiwa kifuniko. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Mahali pa kuitafuta ni kwenye maandishi madogo ya lebo, na somo hili linahusu jinsi ya kuyasoma.

Tuanze na maneno makubwa ya mbele. Maji ya chupa yanayouzwa madukani kwetu ni ya aina mbili kuu. Kuna yale yanayouzwa kama maji ya chemchemi au maji asilia ya madini. Haya hutoka chini ya ardhi, na thamani yake ni kwamba hayabadilishwi sana: huchujwa, pengine hupunguzwa chuma, lakini madini yaliyoyeyuka ndani yake huachwa yalivyo. Kisha kuna maji yaliyosafishwa. Kiwanda kinaweza kuanza na maji ya kisima, ya mto au ya mfereji, kikayasukuma kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno. Maji hupita, na sehemu kubwa ya madini hubaki nyuma, floraidi ikiwemo. Viwanda vingine huongeza chumvichumvi kidogo mwishoni, kwa sababu maji yasiyo na madini yoyote huwa hayana ladha.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Neno "chemchemi" na picha ya mlima wenye theluji humfanya mnunuzi afikiri kwamba hayo ndiyo maji bora, na kwamba maji yaliyosafishwa ni ya viwandani tu. Kwa upande wa floraidi mambo yanaweza kuwa kinyume kabisa. Maji asilia hubeba chochote kilichomo kwenye mwamba yalikopita. Yaliyosafishwa vizuri huwa yameachwa karibu matupu.

Na miamba yetu haifanani. Vilima vya Iveti na Mua ni mawe ya kale sana, lakini nyanda za Athi na Kapiti zimefunikwa na mawe ya volkano, na Uwanda wa Yatta ni mkondo wa lava ulioganda wenye urefu wa takriban kilomita 300, miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Maji yanayokaa muda mrefu ndani ya mawe ya volkano huwa na kawaida ya kupoteza kalsiamu na kujaa sodiamu. Kalsiamu ikiwa nyingi, huikamata floraidi na kuigandisha iwe jiwe. Ikiwa haba, floraidi hubaki imeyeyuka ndani ya maji. Kwa hiyo maji ya floraidi nyingi si lazima yawe ya chumvi kali mdomoni. Mara nyingi ni maji laini, yanayotoa povu zuri la sabuni, na mtu huyasifu.

Sasa geuza chupa utazame jedwali la madini. Tuchukue mifano miwili tuliyoitunga kwa ajili ya somo hili, isiyo ya kampuni yoyote. Chupa ya kwanza ina picha ya mlima na neno chemchemi. Jedwali lake linasema TDS 310, Na 92, Ca 5, F 1.4, zote zikiwa miligramu kwa lita, yaani mg/l. Chupa ya pili imeandikwa kwamba ni maji yaliyosafishwa: TDS 38, Na 8, Ca 3, F 0.1.

TDS ni jumla ya vyote vilivyoyeyuka ndani ya maji. Na ni sodiamu, Ca ni kalsiamu, F ni floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi katika maji ya kunywa kuwa 1.5 mg/l tangu 1984, kwa hiyo chupa zote mbili zimo ndani ya kikomo. Mtu mzima akinywa ya kwanza hatadhurika. Lakini hebu tuihesabu kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga.

Mtoto wa kilo 5 hunywa kama mililita 750 za maziwa hayo kwa siku, na karibu yote ni maji. Akitengenezewa kwa chupa ya kwanza, atapata 0.75 mara 1.4, yaani takriban miligramu 1 ya floraidi kila siku. Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka kiwango cha juu kabisa kwa mtoto wa chini ya miezi 6 kuwa miligramu 0.7 kwa siku. Amekipita, ingawa maji yenyewe hayajavunja sheria. Kwa chupa ya pili angepata chini ya miligramu 0.1.

Umri ndio unaoamua madhara haya. Meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi tangu utotoni hadi mtoto anapofika miaka 8 hivi, na floraidi inayozidi katika kipindi hicho huharibu ugumu wa uso wa jino kabla halijaota. Jino likishatoka, maji hayawezi tena kulitia madoa ya namna hiyo. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Kodeksi, hutaka maji asilia ya madini yenye floraidi zaidi ya 1 mg/l yaseme hivyo kwenye lebo, na yanayozidi 1.5 mg/l yaonye kwamba hayawafai watoto wa chini ya miaka 7. Katika nyumba yenye watoto wa umri huo, chagua chupa ambayo F yake iko chini ya 0.7. Usiogope ikikaribia sifuri. Floraidi kidogo hulinda meno dhidi ya kuoza, lakini kazi hiyo hufanywa pia na dawa ya meno yenye floraidi. Mama anayenyonyesha asiwe na wasiwasi: maziwa yake hubaki na floraidi kidogo sana hata kama maji anayokunywa yanayo nyingi.

Mbona basi lebo nyingine hazitaji floraidi kabisa? Hapo tumia kanuni ya mawe tuliyoeleza juu. Ukiona TDS ya mamia, sodiamu ya juu na kalsiamu ya chini, na mstari wa F haupo, yachukulie maji hayo kuwa ya kutiliwa shaka mpaka mwenye kiwanda aonyeshe kipimo. Ukiona TDS ya chini ya 50, karibu kila kitu kimeondolewa na floraidi imeondoka pamoja na vingine.

Watu wenye shinikizo la damu hutuuliza sana kuhusu mstari wa sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, kiasi kilicho katika kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Akinywa lita 2 za chupa yetu ya kwanza atapata 184, chini ya sehemu moja ya kumi. Za chupa ya pili zitampa 16. Tofauti ipo, na mtu aliyekatazwa chumvi kabisa na daktari anaweza kuizingatia, lakini sufuria ya mboga ndiyo yenye sodiamu nyingi kuliko chupa.

Madai kwamba maji "yameongezewa madini" kwa ajili ya mifupa tunaweza kuyapima vivyo hivyo. Glasi moja ya maziwa ina takriban miligramu 300 za kalsiamu. Maji yenye Ca 10 yangekulazimu unywe lita 30 ili kuifikia. Madini hayo huongezwa kwa ajili ya ladha, na hakuna ubaya, ila usilipie zaidi kwa sababu yake.

Tarakimu za lebo zina mipaka yake. Ni matokeo ya kipimo kilichofanywa wakati fulani, si ya chupa uliyoshika. Utando ukichakaa, madini huanza kupita tena, na lebo haibadiliki. Kifaa kidogo cha kupimia TDS kinaweza kukusaidia hapa: chupa iliyoandikwa 38 ikionyesha 200, kuna jambo limeharibika kiwandani. Kifaa hicho hakipimi floraidi peke yake, na hakioni vijidudu hata kidogo. Lebo nayo haikuhakikishii kuhusu vijidudu, kwa hiyo maji ya maziwa ya mtoto yachemshwe hata yakiwa ya chupa, na unga utiwe yangali na joto lisilopungua digrii 70. Kuchemsha huua vijidudu tu. Floraidi haiondoki kwa moto, na sufuria ikiachwa itokote sana maji hupungua na floraidi inayobaki huzidi kuwa nzito.

Kabla ya kuziamini tarakimu hizo, thibitisha kwamba kiwanda kipo. Chini ya alama ya ubora ya KEBS kuna nambari ya kibali. Andika ujumbe mfupi kwenye simu ukianza na `SM#`, ikifuatiwa na nambari hiyo bila nafasi, uutume kwa `20023`. Jibu litakuonyesha jina la kampuni, bidhaa iliyoruhusiwa na muda wa kibali. Soma jina kwa makini, kwani nambari ya kampuni nyingine au ya bidhaa nyingine inaweza kunakiliwa kwenye chupa. Linganisha na jina na anwani zilizochapishwa kwenye lebo, kisha tazama nambari ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Wanaojaza mitungi ya lita 20 kwenye vibanda vya mtaani mara nyingi hawana lebo ya kusoma. Mwombe mwenye kibanda akuonyeshe matokeo ya maabara ya maji yake, utafute F na tarehe ya kipimo, na umuulize alibadilisha utando lini. Mwenye biashara safi huwa na karatasi hiyo karibu. Ukikataliwa, au ukiona chupa ambayo nambari yake haijibu, mpelekee habari afisa wa afya ya umma wa wadi yako ukiwa na chupa yenyewe ambayo haijafunguliwa, kwa kuwa sampuli kutoka chupa iliyofunguliwa haiwezi kuthibitisha lolote dhidi ya aliyeijaza.