P2 na yai ambalo halijatoka

Kwenye maduka ya dawa ya Kabiria, wengi huomba P2 kwa sauti ya chini, hulipa na kuondoka bila kuuliza swali. Pakiti nyingi huwa na vidonge viwili vya levonogestreli, kila kimoja miligramu 0.75. Meza vyote viwili kwa mpigo mmoja, hata kama karatasi iliyo ndani inasema usubiri saa 12 kabla ya kumeza cha pili. Ukipata pakiti ya kidonge kimoja cha miligramu 1.5, dozi ni ile ile. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita, meza dozi nyingine.

Umeze lini? Hapo ndipo wengi hukosea. Wamesikia habari ya saa 72, wakadhani wana siku tatu za kujipanga. Tuchukue dada mwenye mzunguko wa siku 28. Kondomu imepasuka Jumamosi usiku, siku ya 11 tangu hedhi ianze. Yai lake linatarajiwa kutoka Jumanne hivi, siku ya 14, nazo mbegu za mwanamume zinaweza kuishi mwilini hadi siku tano zikilisubiri. Yaani usiku ule mimba bado haijatunga. Kuna mbegu zinazongoja, na yai ambalo halijatoka.

Yai hutoka baada ya ubongo kumwaga kwa wingi homoni iitwayo LH, karibu siku moja na nusu kabla. Dada huyu akimeza P2 Jumapili asubuhi, dawa huzuia homoni hiyo isipande. Yai hubaki kwenye ovari kwa siku kadhaa zaidi, na mbegu hufa kabla halijatoka. Akingoja hadi Jumatatu jioni kwa kuona haya kwenda dukani, huenda LH imeshapanda. Hapo bado yumo ndani ya zile saa 72, lakini yai litatoka tu, na P2 haina la kufanya. Kwa hiyo meza saa ile ile unayoipata. Usipoteze muda kuhesabu kama siku zako ni za hatari, maana mizunguko hubadilika.

Na kama yai limeshatoka au mimba imeshatunga? Watafiti waliwafuatilia wanawake jijini Santiago, Chile, wakipima homoni na kutazama ovari zao. Waliomeza kabla yai halijatoka, hakuna aliyepata mimba. Waliomeza baada ya yai kutoka, mimba zilikuwa karibu sawa na zile ambazo zingetarajiwa bila dawa yoyote. Kama kidonge hiki kingekuwa kinatoa mimba, kundi la pili nalo lingeokoka.

Sababu iko kwenye dawa yenyewe. Levonogestreli ni jamaa ya projesteroni, homoni inayoutunza ukuta wa mji wa mimba ili mimba ikae. Dawa ya kutoa mimba, mifepristoni, hufanya kinyume: huizuia projesteroni isifanye kazi. Ndiyo maana ninasikitika nikisikia msichana akionywa kwamba P2 ni kutoa mimba. Onyo hilo humchelewesha mpaka wakati wa kuizuia unapita. Na aliye tayari na mimba asiinunue akitumaini itamtoa kwenye shida. Haitaitoa, wala haitamdhuru mtoto.

Kuna wanaohitaji msaada zaidi ya pakiti moja. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya ukimwi, au dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, ini lake huivunja P2 haraka. Mwambie mwenye duka la dawa, kwa sababu huenda ukahitaji dozi maradufu. Mwenye mwili mzito sana naye hukingwa kwa kiwango cha chini. Kwa hawa wote, na kwa yeyote aliyechelewa, kinga bora ni koili ya shaba, ambayo mhudumu wa upangaji uzazi anaweza kuiweka ndani ya siku tano. Kama ulilazimishwa, nenda hospitali ndani ya saa 72 upate pia dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, maana P2 haikingi magonjwa.

Ukishameza, kumbuka yai limecheleweshwa tu. Linaweza kutoka wiki hiyo hiyo, kwa hiyo tumia kondomu kuanzia siku hiyo hadi hedhi ije, au anza njia ya muda mrefu zaidi. Matone ya damu siku chache baadaye si hedhi, na si dalili kwamba umenusurika. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, au ikija kidogo isivyo kawaida, pima mkojo wiki tatu baada ya tendo. Ukipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, nenda hospitali siku hiyo hiyo.