Jinsi ya Kusoma Jedwali la Mauzo ya Korosho

Katika jedwali la aina ya Matrix kwenye Power BI, kaunti ndogo huwekwa juu na wadi chini yake. Alama ya + hufungua wadi, na ya − huzifunga. Kufunga huficha mistari tu. Jumla ndogo ya kaunti ndogo haibadiliki. Ikibadilika, huenda kuna kichujio kilichoguswa.

Tatizo huwa kwenye bei. Tuseme, chini ya Malindi, Ganda iliuza kilo 900 kwa Sh60 kila kilo, nayo Jilore kilo 100 kwa Sh80. Kila wadi ikiwa na rekodi moja, Average ya safu ya bei itaonyesha Sh70 kwenye mstari wa Malindi. Lakini pesa zilizoingia ni Sh62,000 kwa kilo 1,000, yaani Sh62. Mkulima anayedai Sh70 anadai bei isiyokuwepo.

Dawa ni kugawanya jumla kwa jumla:

```
Bei = DIVIDE(SUM(Mauzo[Shilingi]), SUM(Mauzo[Kilo]))
```

Fomula hii hupigwa upya katika kila ngazi, hivyo Ganda hubaki Sh60, Jilore Sh80, na Malindi husoma Sh62.