Mkazo Ndani ya Panga Linalozunguka: Mwongozo kwa Wahandisi na Mafundi wa Mitambo

Kila panga la rota, liwe la helikopta au la feni kubwa ya kiwandani, huvutwa na tungamo lake lenyewe pindi linapozunguka. Mvuto huo huelekea nje, kutoka kitovuni hadi nchani, na huzaa mkazo unaopita katika urefu wote wa panga. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuukadiria mkazo huo kwa panga lenye unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, unapitia hesabu moja kamili, kisha unaonyesha wajibu unaotokana nayo kwa anayesanifu, anayekagua na anayetia saini.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Panga likikatwa kimawazo mahali popote, sehemu iliyobaki upande wa nje wa mkato ndiyo inayovuta, na metali iliyopo kwenye mkato ndiyo inayoizuia isichomoke. Mkato ulio karibu na ncha una kipande kidogo tu cha kuzuia. Mkato ulio kwenye shina, pale panga linapoungana na kitovu, unazuia panga zima. Kwa hiyo mkazo ni sifuri nchani na mkubwa kuliko kwingine kote shinani. Kani za vipande vyote vilivyo nje ya mkato zikijumlishwa na kugawanywa kwa eneo la mkato, hupatikana kanuni hii:

```
σ(r) = ½ · ρ · ω² · (L² − r²)
```

Hapa ρ ni densiti ya metali, ω ni kasi ya mzunguko kwa radiani kwa sekunde, L ni urefu kutoka mhimili wa mzunguko hadi ncha, na r ni umbali wa mkato kutoka mhimili huo. Eneo la mkato halimo katika kanuni. Panga nene lina metali nyingi zaidi ya kuzuia, lakini pia lina metali nyingi zaidi ya kuzuiwa, na viwili hivyo hufutana. Shinani, ambako r huchukuliwa kuwa sifuri, kanuni hubaki nusu ya densiti mara mraba wa kasi ya ncha. Kwa panga la aina hii, mambo mawili tu ndiyo yanayoamua mkazo mkubwa: metali iliyotumika na kasi ya ncha.

Chukua panga la alumini lenye urefu wa mita 5, tungamo la kilo 25, linalozunguka mara 400 kwa dakika. Vipimo hivyo viko karibu na vya helikopta nyepesi. Mizunguko 400 kwa dakika ni radiani 41.9 kwa sekunde, na kasi ya ncha ni mita 209 kwa sekunde. Kwa densiti ya kilo 2,700 kwa mita ya ujazo, mkazo shinani ni megapaskali 59. Kani nzima inayovuta kitovu ni takriban nyutoni 110,000, sawa na kuning'iniza mzigo wa tani 11 kwenye panga ambalo mafundi wawili hulibeba mabegani bila taabu.

Katikati ya urefu, mkazo haushuki hadi nusu. Hubaki robo tatu ya ule wa shinani, yaani megapaskali 44. Hushuka hadi nusu pale tu mkato unapofika asilimia 71 ya urefu. Anayedhani mkazo hupungua kwa mstari ulionyooka kutoka shinani hadi nchani ataona megapaskali 30 katikati mahali palipo na 44, na anaweza kuruhusu tundu au kiungo mahali pasipostahili. Robo nzima ya kwanza ya panga, kuanzia kitovuni, hubeba zaidi ya asilimia 93 ya mkazo wa juu kabisa. Eneo lote hilo linastahili uangalizi uleule unaopewa mstari wa bolti.

Panga pia hurefuka. Katika mfano huu ncha husogea nje kwa karibu milimita 2.8 kwenye kasi kamili, na hurudi linaposimama. Nafasi kati ya ncha na kizuizi chochote hupimwa kwa kuzingatia jambo hilo, hasa katika feni zilizofungwa ndani ya bomba.

Kutokana na kanuni hiyo, hatua inayoonekana ya busara inaweza kuwa kosa. Panga likionyesha dalili za kuchoka, wazo la haraka ni kuongeza unene. Panga la mfano likiongezwa unene mara mbili, mkazo ndani yake hubaki megapaskali 59 zilezile, ila tungamo hufika kilo 50 na kani inayovuta kitovu hufika nyutoni 220,000. Tuseme panga limefungwa kwa pini moja ya kipenyo cha milimita 25, inayokatwa katika nyuso mbili. Mkazo wa kukata ndani ya pini ulikuwa megapaskali 112. Sasa ni 223. Panga halikupata nafuu yoyote dhidi ya mvuto wa mzunguko, na pini imebebeshwa mara mbili. Mabadiliko ya unene hayaidhinishwi kabla ya pini, masikio ya kitovu na bearingi kuhesabiwa upya.

Kubadili metali nako kunahitaji hesabu. Panga la chuma cha pua lenye vipimo hivyohivyo na kasi ileile lina mkazo wa megapaskali 172 shinani, kwa kuwa densiti yake ni karibu mara tatu ya alumini. Kinacholinganishwa si uimara peke yake, bali uimara kwa kila kilo. Ndiyo sababu nyuzi za kaboni na za kioo zimeenea katika mapanga ya sasa. Njia nyingine ni kulifanya panga lipungue upana au unene kuelekea ncha, ili shina lisibebe metali isiyo na kazi. Panga la namna hiyo halifuati tena kanuni iliyotolewa hapo juu, na huhesabiwa kipande kwa kipande.

Kasi ndiyo yenye madhara ya haraka zaidi, kwa sababu imo katika kanuni kwa mraba wake. Mizunguko 440 badala ya 400 ni ongezeko la asilimia 10, lakini mkazo hupanda kwa asilimia 21, kutoka megapaskali 59 hadi 72. Rubani au mwendeshaji anayeandika kwamba kasi ilizidi "kidogo" hajampa fundi taarifa ya kutosha. Kinachotakiwa kwenye kitabu cha kumbukumbu ni kasi ya juu iliyofikiwa na muda iliodumu, kwani hatua za ukaguzi katika mwongozo wa mtengenezaji hutegemea taarifa hiyo. Kasi ndogo kupita kiasi nayo ina hatari yake angani. Kwenye asilimia 80 ya kasi ya kawaida, kani inayonyoosha mapanga hushuka hadi asilimia 64, na mapanga hukunjika kuelekea juu chini ya uzito wa helikopta.

Kwa kutazama megapaskali 59 peke yake, panga linaonekana kuwa salama mno, maana aloi ya alumini ya ndege kama 2024-T3 huanza kubadilika umbo kwa kudumu karibu na megapaskali 300. Hapo ndipo kanuni inapofikia ukomo wake. Haihesabu matundu. Pembeni mwa tundu dogo la mviringo mkazo hufika takriban mara tatu ya ule wa jirani, kwa hiyo 59 huwa karibu 177. Haihesabu kupinda na kujikunja kwa panga, ambako katika helikopta hujirudia kila mzunguko: mara 24,000 kwa saa moja ya kuruka katika mfano huu. Mvuto wa mzunguko huongezwa juu ya marudio hayo, na wenyewe huanza kutoka sifuri na kurudi sifuri kila mtambo unapowashwa na kuzimwa. Alumini haina kiwango cha mkazo ambacho chini yake marudio hayadhuru kamwe. Uchovu wa metali ndio huvunja mapanga, na ufa wake huanzia kwenye tundu la bolti, mkwaruzo, kutu au ukingo wa kipande kilichogundishwa.

Ukaguzi hufuata mantiki hiyo. Eneo la shina husafishwa rangi na grisi pale mwongozo unaporuhusu, kisha hukaguliwa kwa rangi penyezi au mkondo wa eddi. Mstari mwembamba wa vumbi jeusi au la kahawia unaotoka kwenye kiungo ni dalili ya nyuso mbili kusuguana. Rangi iliyopasuka kwa mstari unaokatiza upana wa panga huchukuliwa kuwa ufa hadi ithibitishwe vinginevyo. Mtetemo mpya unaojirudia mara moja kwa kila mzunguko hauzimwi kwa kuongeza vizito vya kusawazisha kabla ya chanzo chake kujulikana.

Matengenezo ya nchani yanahitaji nidhamu ya pekee. Kiraka cha gramu 200 kilichowekwa mita 4.8 kutoka mhimilini huvutwa kwa kani ya nyutoni 1,685, sawa na uzito wa kilo 172. Mkazo wa shinani hauongezeki hata megapaskali moja kamili, lakini gundi ya kiraka hicho lazima izuie kani hiyo yote, na rota isiyosawazishwa upya hutikiswa na kani hiyohiyo kila inapozunguka.

Katika hesabu zenyewe, kosa linalojirudia ni la vipimo. Anayeingiza 400 mahali pa ω hupata jibu lililozidi mara 91, na ukubwa wake humshtua. Hatari iko kwa anayeingiza mizunguko kwa sekunde, yaani 6.67: hupata megapaskali 1.5, jibu linaloliwaza na lisilo kweli. Anayetumia kipenyo mahali pa L hupata mara nne. Kila hesabu huandikwa pamoja na vipimo vyake na kupitiwa na mtu wa pili kabla ya saini.

Saini hiyo ni kiapo cha kitaaluma. Haitolewi kwa panga ambalo historia ya kasi yake imefichwa, wala kwa shinikizo la ratiba ya safari. Fundi ana haki pamoja na wajibu. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake kuhusu hatari kubwa au iliyo karibu, na haimruhusu mwajiri kumtaka arudi mahali ambapo hatari bado ipo. Taarifa hiyo na itolewe kwa maandishi, ikitaja namba ya panga, kasi iliyofikiwa na mahali dalili ilipoonekana. Panga ambalo kasi yake ya juu haijulikani haliruhusiwi kurudi kazini mpaka mtengenezaji atoe uamuzi.